Fulana tisa ziwe jezi moja: uchambuzi wa picha ya klabu ya mbio za pole

Klabu ya jogging ya Dar es Salaam iliagiza jezi za rangi ya chungwa zenye mkanda mweupe chini ya kifua na nembo upande wa moyo. Siku ya kupiga picha ya pamoja pale Coco Beach, jezi tano tu ndizo zilizokuwa zimefika. Wanachama walikuwa kumi na wanne. Wenye jezi walivaa jezi, wengine tisa wakabaki na walichotoka nacho nyumbani, na picha ikapigwa hivyo hivyo kwa sababu wawili walikuwa wanasafiri wiki ile. Picha ilitakiwa iende kwenye bango la bonanza, na katibu alitaka wote waonekane sare.

Kazi iliponifikia ilikuwa imeshafanywa mara moja kwingine. Aliyeifanya alichukua picha ya jezi iliyotandazwa mezani, akaikata, akaipachika juu ya kila mtu huku akiivuta hadi ienee. Ukiitazama kwenye simu, inapita. Ukiikuza, watu tisa wana kiwiliwili kimoja. Dada mmoja aliyesimama kiubavu amepewa kifua kinachotazama kamera moja kwa moja. Kijana aliyekunja mikono ana nembo inayoelea juu ya mkono wake. Mweka hazina, mzee mwenye kitambi cha heshima, amenyooshwa kama mlingoti. Ndiye aliyeikataa picha. "Kijana, tumbo langu mmelipeleka wapi? Mke wangu ataniuliza nimekonda lini."

Kosa la njia ile liko kwenye kuvalisha. Jezi ya mezani haina mwili ndani yake, kwa hiyo mikunjo yake haimhusu mtu yeyote. Fulana ambayo mtu tayari ameivaa ndiyo inayojua tumbo lilipo, bega lipi limeshuka, mkono wa jirani umebana wapi. Kazi nzuri ni kuitia rangi ile fulana na kuigusa kidogo iwezekanavyo. Hilo linawezekana kwa wengi, na kwa baadhi haliwezekani kabisa, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwapanga watu kabla ya kufungua programu.

Kati ya wale tisa, sita walivaa fulana za kawaida: nyeupe, kijivu, njano, nyekundu. Hawa ni wa kutia rangi. Mmoja alivaa shati la drafti nyekundu na nyeupe lenye kola na vifungo. Dada mmoja alivaa hijabu na blauzi pana ndefu ya rangi ya maziwa. Wa mwisho alikuja na sweta zito jeusi lenye kofia, na huyo ndiye aliyenila muda kuliko wote.

Nilichoomba kabla ya yote ni picha halisi. Ile ya katibu ilikuja kwa WhatsApp, upande mrefu ukiwa na pikseli 1600, na mikunjo ya vitambaa ikiwa imeshakandamizwa ikawa mabaka. Mpiga picha alikuwa na faili ghafi ya kamera, pikseli 6000 kwa 4000. Kwa kazi hii tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana mkunjo mdogo wa fulana una upana wa pikseli chache tu, na ukishapotea hakuna rangi itakayourudisha.

Bahati kubwa ilikuwa zile jezi tano za kweli. Zilikuwa kwenye jua lile lile, saa ile ile. Mpiga picha alielekeza kamera kaskazini kando ya ufukwe, kwa hiyo jua la asubuhi lilitoka baharini, mkono wa kulia wa picha. Nilipima rangi ya jezi ya kweli mahali penye jua nikapata takriban 240, 120, 30 kwa nyekundu, kijani na bluu, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Ndani ya mkunjo nikapata 130, 50, 15. Ukizitazama namba hizo vizuri utaona jambo: kivuli siyo ile rangi ya juani iliyopunguzwa tu. Kama ingekuwa imepunguzwa kwa uwiano mmoja, kijani ingekuwa karibu 65, siyo 50. Ndani ya mkunjo kitambaa cha chungwa kinamulikiana chenyewe kwa chenyewe, na kila mwanga unaporuka unazidi kuwa mwekundu. Ndiyo maana fulana iliyotiwa rangi kwa kuweka tu leya ya chungwa juu yake kwa Multiply, yaani kuzidisha rangi ya juu na ya chini, huonekana imepauka vivulini, na jicho linashtuka bila kujua kwa nini.

Kwa hiyo nilitumia Gradient Map. Ni leya inayosoma weupe na weusi wa kitambaa, halafu inabadilisha kila kiwango kuwa rangi uliyoipanga. Niliipa rangi tatu nilizochukua kwenye jezi za kweli: ya mkunjoni, ya katikati na ya juani. Kila fulana ikakatwa kwa maski yake, yaani kizuizi kinachobakiza rangi ndani ya fulana tu, ikapita kwenye ngazi hiyo hiyo ya rangi.

Lakini ngazi moja haitoshi kama fulana zinaingia zikiwa na viwango tofauti. Jezi ya kweli ikigeuzwa kijivu husoma karibu 146 juani na 70 mkunjoni, yaani juani ni zaidi ya mara mbili ya mkunjoni. Fulana nyeupe ya mweka hazina ilisoma 235 juani na 140 mkunjoni, ambayo haifiki hata mara mbili. Kitambaa cheupe hurusha mwanga mwingi hadi ndani ya mikunjo yake, kwa hiyo mikunjo ya fulana nyeupe huwa hafifu. Ukiitia chungwa bila kuigusa, unapata mtu aliyevaa karatasi laini, na tumbo linalegea kwa sababu vivuli vinavyolichora havina nguvu. Kabla ya Gradient Map niliweka Curves, leya ya kupandisha na kushusha viwango vya mwanga, kwa kila mtu peke yake, nikashusha 235 hadi 146 na 140 hadi 70. Wa kijivu akahitaji marekebisho madogo, wa njano yake, wa nyekundu yake. Hatua hii haina njia ya mkato. Ndiyo inayowafanya watu sita waonekane wamenunua jezi duka moja huku kila mmoja akibaki na mwili wake.

Mstari wa nje wa mwili haujaguswa hadi hapa. Maski inafuata ukingo wa fulana yenyewe, basi. Kama fulana ya mtu inambana tumboni na kuchora mistari ya kuvutika, mistari inabaki. Katibu alijaribu kunishawishi nizilegeze fulana mbili zilizobana. Nilimwambia jezi zikifika wataamua wenyewe saizi. Picha hii inaonyesha walivyosimama siku ile.

Sasa mkanda na nembo, na hapa ndipo kitambi cha mzee kilipopotea mara ya kwanza. Mkanda mweupe unaozunguka mwili ni kama pete. Ukiitazama pete iliyo usawa wa jicho lako, unaona mstari ulionyooka. Ikiwa chini ya jicho, upande wake wa mbele unashuka na ncha zinapanda. Kamera ilikuwa kama mita 1.4 kutoka ardhini, karibu na kifua cha waliosimama, kwa hiyo kwao mkanda unakaribia kunyooka na mviringo wake ni wa pikseli chache. Mweka hazina alikuwa amechuchumaa mstari wa mbele. Mkanda wake uko kama sentimita 70 chini ya kamera, na kamera iko mita 5 hivi kutoka kwake. Kwa mwili ambao mbele yake imetokeza kama sentimita 17 kutoka ubavuni, hesabu inatoa mshuko wa sentimita mbili na kitu, ambao kwenye faili ni karibu pikseli 30. Mkanda wa awali ulipita juu ya tumbo hilo ukiwa umenyooka kama rula. Hata kama mstari wa nje ungeachwa ulivyo, mkanda ulionyooka ungetosha kulibapaza tumbo, kwa sababu jicho husoma umbo la mwili kwenye mistari inayolizunguka kabla ya kusoma ukingo.

Niliupinda mkanda kwa Warp, mtu mmoja mmoja, nikianza na jezi za kweli kama mwalimu. Mmoja wa wenye jezi naye alikuwa amechuchumaa, mwembamba, na mkanda wake ulishuka kama pikseli 15. Hilo lilinipa kipimo: mwembamba 15, mnene 30, wengine katikati. Pale mkanda unapofika ubavuni unajikunyata, kwa sababu kitambaa kinageuka kutoka kwenye kamera, na mwisho wake unaishia nyuma ya mkono au kwenye ukingo bila kukatwa ghafla.

Nembo ilikuwa na mtego wa aina nyingine. Nilimwomba katibu apime nembo ya jezi ya saizi M na ya XXL. Zote sentimita 8. Mchapaji ana nembo moja kwa watu wazima wote. Maana yake ni kwamba juu ya kifua kipana nembo inaonekana ndogo, na juu ya kifua chembamba inaonekana kubwa. Ukiikuza nembo ili ilingane na kifua, kama alivyofanya mwenzangu wa kwanza, unawarudisha watu wote kwenye mwili mmoja kwa mlango wa nyuma. Ukubwa wa nembo unategemea umbali wa mtu na kamera tu. Kwa waliosimama, jezi za kweli ziliniambia sentimita moja ni pikseli 12, kwa hiyo nembo ni pikseli 96. Waliochuchumaa wako mbele kidogo, pikseli 13, nembo 104. Kama hakungekuwa na jezi ya kweli ya kupimia, ningetumia urefu wa vichwa, ambao hautofautiani sana kati ya watu wazima kama vifua vinavyotofautiana.

Yule dada wa kiubavu alikuwa amegeuka kama nyuzi 40. Kitu kilichogeuka kiasi hicho hubaki na upana wa asilimia 77, urefu haubadiliki. Nembo yake ikawa pikseli 74 kwa 96. Tena kwa kuwa alikuwa amegeuzia upande wa moyo mbali na kamera, na kifua chenyewe kina mviringo, niliminya ukingo wa mbali zaidi ya ukingo wa karibu. Nembo niliiweka kwa kupima kutoka mshono wa bega na katikati ya shingo, kama fundi wa jezi anavyofanya. Ukipima kwa kufuata kifua chenyewe, kwa wanawake nembo inashuka na kuvutia jicho pasipotakiwa.

Nembo ikishakaa mahali pake bado ni stika. Inabidi ifuate mikunjo iliyo chini yake. Chombo cha kawaida ni Displace: unakipa picha ya kijivu ya fulana, nacho kinasogeza pikseli za nembo kulingana na weupe na weusi. Kijivu cha 128 hakisogezi kitu, cheupe kinasogeza upande mmoja, cheusi upande mwingine. Niliweka kipimo cha 8, ambacho kinaweza kusogeza hadi pikseli 10 hivi, yaani sentimita moja kasoro. Mikunjo ya jezi haihitaji zaidi.

Shida ni kwamba Displace haijui kina, inajua mwanga tu. Jua letu lilitoka kulia, kwa hiyo upande mmoja wa kila kiwiliwili ni mweupe na wa pili una giza. Ukiipa picha hiyo kama ilivyo, itadhani kifua kizima ni mlima na itaisogeza nembo yote mahali pengine. Ndiyo sababu watu wengi huona nembo zao zimehama au zimeyumba kama ziko majini, wakailaumu programu. Niliipitisha kwanza picha ya kijivu kwenye High Pass ya pikseli 30. Hiyo inafuta mwanga mpana na kubakiza mikunjo tu, ikielea juu ya kijivu cha katikati. Kisha nikailainisha kwa Gaussian Blur ya pikseli 4 ili nyuzi za kitambaa zisiitetemeshe nembo. Baada ya hapo nembo ilivunjika pale tu palipo na mkunjo.

Kijana aliyekunja mikono alizua mjadala. Kwa pozi lake mkanda wote umefichwa na nembo inachungulia nusu juu ya mkono. Katibu aliomba nembo ipandishwe ionekane yote. Ikipanda, inafika karibu na mfupa wa bega, mahali ambapo hakuna jezi yenye nembo. Tukaiacha nusu. Mkono umeificha, na kila atakayeitazama picha ataelewa hivyo bila kuambiwa. Nilichoongeza ni kivuli chembamba cha mkono juu ya nembo, maana bila hicho nembo inaonekana iko mbele ya mkono hata kama imekatwa sawasawa.

Shati la drafti lilionekana gumu likawa rahisi. Miraba nyekundu na nyeupe ina weupe tofauti, kwa hiyo ukiigeuza kijivu kwa njia ya kawaida, miraba inabaki na inachanganyika na mikunjo. Lakini picha ina chaneli tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kwenye chaneli nyekundu kitambaa chekundu na cheupe vyote ni vyeupe karibu sawa. Nilichukua chaneli hiyo peke yake: miraba ikatoweka karibu yote, mikunjo ikabaki. Drafti ya bluu na nyeupe ungeitafuta kwenye chaneli ya bluu. Drafti nyeusi na nyeupe haina pa kukimbilia. Vifungo nilivifuta kwa brashi ya kurekebisha, na kola nikaipunguza hadi shingo ya duara, nikichora ngozi ya shingoni kwa kuazima ngozi yake mwenyewe ya pembeni.

Kwa dada wa hijabu sikutaka kukisia chochote. Blauzi yake ilikuwa pana kwa makusudi, na chini yake kuna umbo ambalo siyo la mhariri wa picha kulibuni. Nilimpigia katibu, katibu akamuuliza. Akajibu blauzi itiwe rangi ibaki na upana na urefu wake, mikono mirefu ibaki, hijabu isiguswe. Hijabu yake inashuka hadi kifuani na kuifunika nembo karibu yote, kama ilivyokuwa kwa mwenzake mwenye jezi ya kweli. Mkanda wake nikauacha ulegee pamoja na kitambaa.

Sweta jeusi ndilo lililogoma. Kwanza, mwanga: kitambaa chote kilikaa kati ya 12 na 40. Kuvitandaza viwango 28 hadi vienee upana wa jezi ni kuvipasua, kila kimoja kikiruka hatua kadhaa, na hata kwenye faili ghafi chembechembe zilijitokeza. Hilo lingeweza kuvumilika. Lisilovumilika ni kwamba sweta zito lina mikunjo michache, minene, ya mviringo, na polista ya jezi ina mikunjo mingi myembamba. Ukilitia rangi unapata sweta la chungwa. Tena ukingo wake wa nje siyo mwili wa kijana, ni pamba. Kuulinda ukingo ule kungekuwa kumpa mwili usio wake, na chini ya mikono mirefu kuna mikono yake ambayo picha haikuwahi kuiona.

Nilimwambia katibu amwite. Akaazima jezi ya saizi yake kwa mwenzake, tukakutana ufukweni asubuhi saa ile ile, kamera kwenye mita 1.4, lenzi ile ile, umbali ule ule, mwenzake akasimama ubavuni ili mkono upate bega la kushika. Picha ya kundi nilikuwa nayo kwenye simu, nikamwelekeza hadi bega la kushoto likashuka kama siku ile. Kichwa kilibaki cha picha ya kwanza. Kiwiliwili na mikono vikatoka picha ya pili. Jezi ni nyembamba kuliko sweta, kwa hiyo pande zote mbili palibaki mwanya uliohitaji kujazwa bahari na sehemu ya begi la mtu wa nyuma.

Ukaguzi niliufanya kwa Difference: picha ya asili juu ya picha mpya. Pasipobadilika panakuwa peusi kabisa. Nje ya fulana tisa, na nje ya eneo la kijana wa sweta, palitakiwa pawe peusi. Pakaonekana vijiti vya mwanga kwenye kwapa mbili, maski ilikuwa imekula ngozi, nikairudisha. Njia hii inafaa pia kumjibu mteja anayehisi amepunguzwa, kwa sababu anaonyeshwa ukingo wake mwenyewe ukiwa mweusi.

Kuna kitu Difference haiwezi kukwambia, kwa sababu kiko mahali ambapo hujagusa. Aliyevaa fulana nyekundu alikuwa na wekundu chini ya kidevu, na jirani yake alikuwa nao kwenye mkono wa juu. Jua linapopiga kitambaa chekundu hutema rangi kwenye ngozi iliyo karibu. Chungwa na nyekundu ni ndugu, kwa hiyo ilitosha kusogeza wekundu huo kidogo kuelekea njano. Kama jezi ingekuwa ya kijani, kidevu kile kingeiumbua kazi nzima. Wenye fulana nyeupe nao nikawaongezea chungwa hafifu chini ya kidevu, nikilinganisha na wenye jezi za kweli.

Bango lilichapwa upana wa mita 3, pikseli 20 kwa sentimita, na kwa mtu aliyesimama hatua chache mbele yake hilo linatosha. Mikono ya fulana haikulingana yote: ya njano ilifika karibu na kiwiko, jezi ya kweli inaishia juu zaidi. Kuifupisha kungenilazimu kubuni mkono ambao sikuuona, na saizi za jezi zenyewe hutofautiana, kwa hiyo niliuacha.